Sentensi Kumi na Mbili za Mwalimu Aristides

Mwalimu Aristides alikuwa na mwandiko ambao watu waliuning'iniza ukutani. Mwaka 1972, nilipopangiwa shule yetu ya huku Kanazi, niliingia nyumba tatu nikakuta ripoti za shule zimegongomelewa sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Wenye nyumba wawili kati ya hao hawakujua kusoma. Walipenda tu jinsi herufi zilivyolala upande mmoja, kama migomba baada ya upepo wa ziwani.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na mbili, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameitumia ubaoni. Alianza enzi za wamisheni, akapokea Uhuru akiwa katika chumba cha kushoto, na Azimio la Arusha likamkuta chumba hicho hicho. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Hakuwahi kuchelewa wala kukosa kipindi, hata msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, wakati nusu ya walimu wa wilaya nzima hupatwa na homa za ghafla. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na Elimu ya Kujitegemea kichwani, nikiwa tayari kumpinga mtu yeyote aliyeanza kazi kabla ya 1961. Kwake nilishindwa pa kuanzia. Bustani yake ya shule ilikuwa bora kuliko yangu, na hakuihutubia hata siku moja.

Lakini palikuwa na jambo moja la ajabu shuleni pale, na nililiona siku ya kuandikisha darasa la kwanza. Wazazi walifika asubuhi wakakaa kwenye nyasi, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Watatu wakajiandikisha shingo upande. Mara ukazuka msukumano wa watu wazima kumi na wawili, wote wakitaka kuwa wa nne. Mama mmoja, Ephrasia, alishinda kwa kutumia kiwiko. Kisha mambo yakatulia hadi namba nane. Hapo kila mtu akakumbuka alichosahau nyumbani: cheti cha ubatizo, mbuzi, sufuria jikoni. Uwanja ukabaki mtupu mpaka alipotokea mgeni kutoka Kemondo asiyejua lolote. Akaandikisha mwanawe namba tisa, na wote wakarudi wakikimbia.

Nilimuuliza Ephrasia kulikoni.

"Namba nne huzaa mtoto mwenye tabia njema," alinijibu, akisugua kiwiko. "Namba tisa huzaa wazembe. Wewe ni msomi, Mwalimu, hukufundishwa hilo huko chuoni?"

Jioni ile niliandika kurasa nne kuhusu mabaki ya ushirikina na wajibu wa mwalimu wa taifa jipya. Namshukuru Mungu sikuzipeleka popote.

Ukweli ulijulikana mwezi wa sita, baada ya ripoti za nusu mwaka.

Ripoti zetu zilikuwa karatasi moja iliyokunjwa: alama za kila somo, nafasi ya mtoto darasani, na chini mistari mitatu ya maoni ya mwalimu wa darasa. Kwa kuwa wazazi wengi hawakusoma, kulikuwa na desturi kwamba Jumapili ya kwanza ya likizo, misa ikiisha, Katekista Rwegasira alisimama kwenye ngazi za kanisa na kusoma ripoti moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya litania. Alama aliziruka, maana zilichosha watu. Walichosubiri ni maoni. Watu walikuja na viti.

Jumatatu iliyofuata, wakati walimu tulikuwa ofisini tukifunga hesabu za vitabu, aliingia Ildefons Byabato. Huyu alikuwa mkulima wa kahawa, mrefu, mwenye kusema polepole, na kaka wa Theopista, mke wa Mwalimu Aristides. Binti yake Kokwijuka alikuwa darasa la sita, kwa Aristides, aliyepanda na darasa lile tangu la kwanza. Ildefons aliiweka ripoti mezani, akainyoosha kwa viganja.

"Karibu, shemeji," alisema Aristides, akiinuka.

"Leo sikuja kwa shemeji. Nimekuja kwa Mwalimu."

Aristides akaketi tena.

"Miaka mitano," Ildefons alisema, "karatasi inasema mtoto huyu ana maendeleo ya kuridhisha. Nami nikaridhika. Jana Rwegasira amesoma mbele ya parokia nzima: 'Mzembe. Asipobadilika atajuta.' Mwalimu, nini kimetokea kati ya Novemba na Juni?"

"Ee waitu..." alianza Aristides, kwa Kihaya cha adabu.

"Wenzangu wanasema ni mambo ya namba. Mimi siamini namba. Naamini maandishi, na haya ni maandishi yako. Kwa hiyo niambie, uzembe wake uko wapi? Hafuti ubao? Analala? Nionyeshe nimpige, au nionyeshe nimsaidie."

Aristides alifungua kinywa. Alitazama dari, akatazama kaptula yake. Nilimwona mtu aliyefundisha miaka ishirini na sita akitafuta kitu kimoja tu cha kusema juu ya mtoto anayekaa mita tatu mbele yake kila siku, na asikipate.

"Basi sikiliza," alisema Ildefons. "Nyumbani kuna kahawa ya kuchuma na mama yake mgonjwa wa mgongo. Nimemwacha shuleni kwa sababu karatasi iliniambia ana maendeleo. Mwezi wa kumi na moja nitasikiliza tena. Karatasi ikisema ni mzembe, anabaki nyumbani. Na ikisema ghafla amekuwa malaika, nitajua mmenibembeleza kwa sababu ya dada yangu, na anabaki nyumbani pia."

Akachukua ripoti yake, akaikunja vizuri kwa kuheshimu mwandiko, akatoka.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Penina, Mlutheri kutoka Kibeta mjini, aliyehamia kwetu mwezi wa kwanza mwaka ule ule. Alikuwa mfupi, mwenye miwani, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja kisha kunyamaza mpaka ujute.

"Mwalimu Aristides," aliuliza, "kwa nini uliandika mzembe?"

"Kwa sababu ni namba tisa."

Penina akanyamaza. Aristides, bila wasiwasi wowote, akafungua mkoba wake na kutoa karatasi iliyobandikwa kwenye kadibodi. Ilikuwa imegeuka rangi ya ngozi. Ilikuwa na sentensi kumi na mbili, zilizotolewa na padri mmoja mkuu wa shule mwaka 1948 ziwe mfano kwa walimu wapya. Ya nne: *Tabia njema, wa kutegemewa.* Ya saba: *Aongeze bidii.* Ya tisa tunaijua. Ya kumi: *Maendeleo ya kuridhisha.* Ya kumi na mbili: *Apunguze kelele.*

Mwalimu Aristides alianza na mtoto wa kwanza kwenye rejista akampa sentensi ya kwanza, wa pili ya pili, mpaka wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu akarudi mwanzo. Hivyo kwa miaka ishirini na minne. Kokwijuka alikuwa namba kumi tangu darasa la kwanza. Mwezi wa tano familia ya namba tatu, Nathanieli, ilihamia kijiji cha ujamaa upande wa Muleba. Aristides alichukia mstari uliofutwa kwenye rejista, akaiandika upya yote. Watoto arobaini na watatu wakasogea namba moja, na tabia zao zikasogea nazo.

"Yule mtoto kimya," nilisema, "Josia. Asiyesema hata akikanyagwa..."

"Kumi na mbili," alisema Aristides. "Miaka mitano aliambiwa apunguze kelele. Na amepunguza."

Nilicheka. Penina hakucheka.

"Na hukuona ubaya?"

Hapo Mwalimu Aristides alisema jambo ambalo lilinizibua masikio.

"Mwalimu, wewe ni mgeni hapa. Darasa langu lina watoto arobaini na watano. Kumi na wanane ni wa ukoo wangu, tisa wa ukoo wa mke wangu, na wanne nimewasimamia ubatizo. Nikimsifu mmoja, watasema ndugu. Nikimkemea mmoja, watasema kisasi cha mpaka wa kibanja. Karatasi hii haina shemeji. Inampa kila mtu kwa zamu yake. Nilidhani ndiyo haki."

Chuoni nilikuwa nimesoma mengi juu ya usawa. Huo ulikuwa usawa kamili kabisa, ila haukuwa na mtoto ndani yake.

"Nenda kamwambie Ildefons ukweli," alisema Penina.

"Nimemfundisha Ildefons kusoma saa na kuandika jina lake. Nikimwambia kuwa neno langu lilitoka kwenye foleni, ataamini vipi hata kwamba tatu mara tatu ni tisa?"

"Basi utamwambia kwa kalamu mwezi wa kumi na moja," alisema Penina. Akaichukua ile kadibodi, akaifungia kabatini. "Kila mtoto maoni yake. Useme unachokijua kweli, na ukijue kwa kukiona. Useme kinachokwenda vizuri, kinachokwama, na hatua ya kufuata. Na usiandike neno ambalo mzazi akiuliza 'nionyeshe', huwezi kumwonyesha. Hilo linakuhusu na wewe, kijana."

Nilishangaa. Maoni yangu ya darasa la tatu niliyaona ya kimapinduzi. Penina akavuta nakala moja. "Clotilda: 'Bado ana mabaki ya ubepari.' Mtoto huyu ana miaka tisa. Amefanya nini?"

"Alikataa kugawa pera."

"Andika pera, basi."

Nilijaribu kumweleza kuwa pera ni dalili tu ya mfumo mzima. Alininyamazia mpaka nikachukua kalamu. Nilipolifikiria lile pera, nikakumbuka pia kuwa Clotilda huyo huyo ndiye aliyevunja penseli yake vipande viwili ili jirani yake aandike imla. Mfumo wangu haukuwa umeniachia nafasi ya kuiona penseli.

Baada ya likizo, Mwalimu Aristides alinunua daftari nene, akampa kila mtoto ukurasa, akaanza kazi ya kuangalia. Ilikuwa balaa. Watoto wa Kanazi hawakuzoea kuangaliwa. Walipoona Mwalimu amesimama pembeni na daftari, wote wakawa watakatifu. Hakuna aliyenong'ona wala aliyejikuna. Siku ya tatu akajificha nyuma ya mgomba karibu na choo cha wavulana ili awaone wakiwa huru, na mvulana wa kwanza kumwona alipiga kelele za kuona jini. Wiki nzima hakuna mtoto aliyekwenda upande ule, na maoni pekee yaliyoingia daftarini yalikuwa: *Wote wanajizuia vizuri.*

Nyumbani nako hali haikuwa shwari. Theopista alikuwa amesikia yaliyompata mtoto wa kaka yake kwenye ngazi za kanisa pamoja na parokia nzima. Hakugomba. Alipika tu, kila jioni, matoke bila chumvi.

"Chumvi imekwisha?" aliuliza Aristides, siku nilipokuwa mgeni wao.

"Ipo," alisema Theopista. "Lakini wewe ni mtu wa kuridhisha hivyo hivyo."

Rasimu zake za kwanza alizileta kwangu mwishoni mwa mwezi wa tisa, akitembea kama mwanafunzi anayepeleka daftari kusahihishwa. Tulikaa na Mwalimu Penina kwenye benchi nje ya ofisi.

Nilisoma ya kwanza: "'Josia hajui kugawanya. Baba yake pia hakujua, nilimfundisha mimi.'"

"Ni kweli tupu," alisema Aristides.

"Ni kweli," alikubali Penina. "Sasa baba yake atafanya nini nayo, zaidi ya kukuchukia? Na baba yake kaingiaje kwenye ripoti ya mtoto?"

"Ulisema tuwe wakweli."

"Hajui kugawanya. Hajui nini hasa? Hajui jedwali? Hajui kupanga? Anakwama wapi?"

Aristides hakujua. Alijua jibu lilikuwa limekosewa, kwa sababu lilikuwa na alama nyekundu aliyoiweka mwenyewe.

"Acha kuwavizia chooni," alisema Penina. "Chukua watoto wawili kila siku. Mpe kila mmoja hesabu moja na aya moja ya kusoma, akae karibu nawe, akwambie kwa sauti anachofikiri. Wewe usimfundishe wakati huo. Sikiliza tu, uandike. Halafu fungua daftari lake la mwezi wa kwanza na la sasa, uyalinganishe. Mlinganishe na yeye mwenyewe, siyo na jirani."

"Wawili kwa siku, watoto arobaini na watano..." Mwalimu alihesabu midomoni. "Wiki nne na nusu."

"Tunazo sita."

Hivyo ndivyo alivyofanya, na mimi pia. Naungama kuwa nilitarajia kazi hiyo ichoshe, lakini niliona mtu mzima akichanua. Alikuja ofisini saa nne kila siku na habari mpya, kama mtu aliyetoka mnadani.

"Josia anagawanya sawasawa kabisa!" alitangaza siku moja. "Anapanga vizuri, jedwali analijua. Ila akigawanya tarakimu ya kwanza anasahau kushusha inayofuata. Ni hilo tu! Miaka mitatu nimempigia mkasi kwa kitu cha kuondoa kwa siku mbili! Na kijana anaongea. Mkikaa wawili, anaongea kama redio."

Maoni mapya ya Josia yalisomeka hivi: *Anajua jedwali na anapanga hesabu kwa usafi. Katika kugawanya husahau kushusha tarakimu inayofuata; akikumbushwa hupata. Aweke nukta chini ya kila tarakimu anayoishusha. Darasani aulize anapokwama. Maswali yake ni mazuri.* Penina aliyasoma mara mbili, akasema, "Haya mzazi anaweza kuyashika mkononi." Kisha akafuta neno moja ambalo Aristides alikuwa ameliongeza mwishoni, *hodari*, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwonyesha mzazi uhodari huo uko wapi.

Aristides alimwacha Kokwijuka awe wa mwisho.

Alimwita Jumatano, wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Mimi nilikuwa nikisahihisha pembeni. Binti alikaa wima, mikono magotini. Alikuwa anajua vizuri kabisa kilichotegemea karatasi ile. Alikuwa ameshaonyeshwa kikapu chake cha kuchumia kahawa.

Mwalimu alimpa aya. Aliisoma bila kukwama, na alipoulizwa akaieleza kwa maneno yake. Kisha Mwalimu akampa hesabu kumi za kugawanya. Zilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuziandika hapa. Majibu matupu, bila hatua hata moja. Saba sawa, tatu makosa.

"Hizi tatu umekosea wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Sijui, Mwalimu."

"Njia yako iko wapi?"

"Kichwani."

"Mimi siwezi kusahihisha kichwa. Hebu nieleze hii kwa sauti, kidogo kidogo."

Akaeleza. Katikati akasimama, akasema, "Aa," akairekebisha mwenyewe. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo.

"Na kwa nini Jumanne dawati lako lote lilikuwa na majibu sawa, hata yale ya makosa?"

Kokwijuka alitazama vidole vyake. "Waliniomba, Mwalimu."

"Waliomba njia au majibu?"

"Njia ni ndefu."

Alipotoka, Mwalimu Aristides alikaa mbele ya ripoti ile mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikagongwa. Nilijua anapigana na nini. Mazuri na mapungufu yote alikuwa nayo daftarini. Hayo hayakuwa magumu tena. Lakini Juni ilikuwa imeandikwa na kusomwa hadharani. Maoni ya sasa, hata yawe ya kweli vipi, yangemfikia Ildefons juu ya lile neno *mzembe*, na Ildefons angeuliza tena kilichotokea kati ya miezi. Kama alikuwa mzembe Juni na leo anasoma hivi, basi amebembelezwa. Palikuwa na njia moja tu ya kuiandika kweli ile, na ilipita juu ya mwandiko wake mwenyewe.

"Kijana," aliniambia bila kuinua macho, "huko chuoni walikufundisha mwalimu aandikeje kuwa amekosea?"

Nilijaribu kukumbuka. Tulikuwa na somo la saikolojia, siasa, ufugaji wa kuku. "Hapana, Mwalimu."

"Nilidhani hivyo," alisema, akachovya kalamu.

Penina aliyapitia jioni. Alifuta sentensi moja tu, ya mwisho: *Atafaulu mtihani wa darasa la saba.* "Hujui," alisema. "Hakuna anayejua. Andika unachokijua." Aristides alifikiri, akaandika nyingine. Mistari mitatu haikutosha. Maneno yalipanda pembeni mwa karatasi, yakazunguka juu, yakateremka upande wa pili. Ilikuwa ripoti yake ya kwanza isiyofaa kuning'inizwa.

Jumapili watu walikuja na viti kama kawaida. Mwalimu Aristides alisimama nyuma kabisa, karibu na baiskeli, na Theopista kando yake. Katekista Rwegasira alifungua ya kwanza, akakohoa, akaanza kwa sauti ya litania, kisha sauti ikamwishia njiani. Hakuna litania inayokwenda kwa *aweke nukta chini ya kila tarakimu anayoishusha.*

Watu walitazamana.

"Rudia," alisema baba yake Josia.

Rwegasira akarudia, polepole.

"Kwa hiyo anajua?"

"Anajua, ila anasahau kushusha."

"Kushusha tu?" Mzee yule alimgeukia mwanawe. "Kwa nini usishushe?"

"Nitashusha, tata," alisema Josia. Mtu nyuma akasema, "Kumbe huyu ana sauti!"

Ikafika ya namba nne wa darasa lile, na maoni yakasema anaandika insha nzuri zenye mifano ya kwao, lakini amechelewa mara kumi na moja tangu Septemba, na nyumbani wamsaidie kuwahi. Mama mmoja akasimama na kiti chake. "Namba nne? Achelewe? Namba nne ni ya kutegemewa!"

"Anachelewa kwa sababu unamtuma maziwa," alisema jirani yake. "Mimi namwona kila asubuhi."

"Nani kakuuliza?"

"Karatasi imeuliza!"

Ephrasia, ambaye mwanawe alikuwa bado darasa la kwanza, alikisugua kiwiko chake na kusema kwa uchungu kuwa sasa hata kujiandikisha kumeharibika. Lakini hakuna aliyeondoka. Watu walisogeza viti karibu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikilizwa habari arobaini na tano, na kila moja ya mtoto wake.

"Kokwijuka, binti Ildefons," alisoma Rwegasira. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena, akitafuta mwanzo. Ildefons alisimama, kofia mkononi.

"'Juni niliandika kuwa ni mzembe. Nilikosea. Sikuwa nimemwangalia.'"

Watu waligeuka kumtazama Aristides kule nyuma. Wengi pale walikuwa wamefundishwa na mtu huyo, wamechapwa na mtu huyo, na hawakuwahi kumsikia akikosea hata tarehe.

"'Anasoma vizuri na anaeleza alichosoma kwa maneno yake. Katika hesabu hupata majibu kichwani, haandiki njia. Kati ya hesabu kumi alikosa tatu; nilipomtaka aeleze kwa sauti, alizirekebisha zote mwenyewe. Huwapa jirani zake majibu, na hivyo huwanyima kujifunza. Likizo hii aandike hesabu moja ya kugawanya kila siku, hatua zote, na amweleze mtu wa nyumbani kwa sauti, hata kama mtu huyo hajui hesabu. Akifanya hivyo, Januari tutaanza naye hesabu ngumu zaidi. Nimemwekea kitabu.'"

Ildefons alivaa kofia, akaivua tena. Alitembea katikati ya viti mpaka kwenye baiskeli, akasimama mbele ya shemeji yake. Mimi nilikuwa nimeshaandaa hotuba fupi kwa ajili ya binti yule, juu ya elimu ya wanawake na ujenzi wa taifa. Theopista alinishika mkono wa shati.

"Nionyeshe," alisema Ildefons.

Aristides alitoa daftari lake, akafungua ukurasa wa Kokwijuka. Zilikuwepo zile hesabu kumi kwa mwandiko wa binti, saba na tatu, na tarehe. Ildefons alizitazama kwa muda mrefu, kama mnunuzi anayetazama kahawa kiganjani.

"Hajawa malaika," alisema hatimaye.

"Hajawa," alisema Aristides. "Anatoa majibu kwa wenzake."

"Hilo amelitoa kwa mama yake." Akalirudisha daftari. "Huyo mtu wa nyumbani asiyejua hesabu. Ni mimi?"

"Sikuandika jina."

"Lakini ni mimi."

"Ee waitu. Ni wewe."

Siku ya tatu ya likizo nilipita kwa Ildefons kupeleka kile kitabu. Niliwakuta uani, binti amechuchumaa, kijiti mkononi, hesabu imeandikwa kwenye vumbi karibu na jamvi la kahawa: mikungu mia moja sabini na mitano ya ndizi, nyumba kumi na mbili. Baba amekaa juu ya kigoda, mikono kifuani, kama mkaguzi.

"Tena," alikuwa akisema. "Kumi na mbili katika kumi na saba."

"Inaingia mara moja, tata. Inabaki tano. Nashusha hii tano, inakuwa hamsini na tano. Kumi na mbili katika hamsini na tano, mara nne. Arobaini na nane. Inabaki saba. Kila nyumba mikungu kumi na minne, inabaki saba."

"Hiyo saba ni ya nani?"

"Inabaki tu, tata."

"Hakuna mkungu wa ndizi unaobaki tu katika kijiji hiki. Ni ya nani?"

"Hesabu haisemi."

Ildefons alinigeukia. "Mwalimu, nyie ndio watu wa ujamaa. Ni ya nani?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na majibu matatu, yote marefu.

"Naona hata yeye hajui," alimwambia binti yake. "Basi itabidi urudi Januari ukaulize. Na ukirudi hapa na jibu bila njia, silipokei. Haya, andika nyingine."